Nanosekunde Mkononi

Ukimuuliza Mkenya kwao ni umbali gani, hatakutajia kilomita. Atakwambia, "Si mbali, ni dakika kumi tu kutoka steji." Tumezoea kupima umbali kwa muda. Grace Hopper aligeuza mambo: alipima muda kwa urefu, na kwa kufanya hivyo akawafungua macho watu ambao hawakuwa wataalamu wa kompyuta.

Hopper alizaliwa New York mwaka 1906, akasomea hisabati hadi shahada ya uzamifu, kisha akajiunga na jeshi la wanamaji la Marekani wakati wa Vita vya Pili vya Dunia. Huko ndiko alikoanza kuandikia kompyuta programu, enzi ambazo mashine moja ilijaza chumba kizima. Miaka ilivyosonga, wahandisi walianza kuongea kuhusu nanosekunde, yaani sekunde moja ikigawanywa mara bilioni moja. Hopper mwenyewe alisema neno lenyewe halikumwingia akilini. Bilioni ni nini hasa? Kwa hivyo aliomba aletewe nanosekunde aishike.

Alicholetewa ni kipande cha waya wa simu, karibu sentimita 30, urefu wa rula ya shule. Si kwamba waya ulikuwa na kitu cha ajabu. Mwanga husafiri takriban kilomita 300,000 kwa sekunde, na hakuna ujumbe wowote unaoweza kuupita. Gawanya umbali huo kwa bilioni moja, utapata hizo sentimita 30. Waya ulikuwa mfano wa mwendo mrefu kabisa ambao ujumbe unaweza kwenda katika nanosekunde moja. Haiwezekani kwenda zaidi, hata uwe na pesa au cheo gani.

Alizunguka na vipande hivyo akivigawa kwenye mihadhara. Alibeba pia koili ya waya yenye urefu wa karibu mita 300, nayo ni maikrosekunde. Aliwaambia waandishi wa programu kwamba kila mmoja angepaswa kutundikiwa moja juu ya meza, ili ajue anatupa nini anapopoteza maikrosekunde. Na admirali akikuuliza kwa nini ujumbe wa setilaiti unachelewa, alisema, mwonyeshe kwamba kati ya hapa na setilaiti kuna nanosekunde nyingi mno.

Hapo ndipo hadithi inapofika kwetu. Kabla ya 2009, intaneti ya Kenya ilitegemea setilaiti kuwasiliana na dunia. Setilaiti za aina hiyo hukaa karibu kilomita 36,000 juu ya ikweta, kwa sababu zikiwa hapo huzunguka sambamba na dunia na huonekana kama zimesimama angani. Tuufuate ujumbe mmoja kutoka Nairobi kwenda London. Unapanda kilomita 36,000, kisha unashuka 36,000. Jumla ni 72,000. Ukitandika waya za Hopper njia nzima, utahitaji vipande milioni 240, yaani karibu robo sekunde. Jibu nalo lazima lirudi kwa njia hiyo hiyo, kwa hivyo nusu sekunde imeisha kabla mashine yoyote haijafikiria chochote. Ndiyo maana kwenye simu za setilaiti watu walikuwa wakigongana: wewe unadhani mwenzako amenyamaza, unaanza kuongea, kumbe jibu lake bado liko njiani.

Mwaka 2009 nyaya za chini ya bahari, SEACOM na TEAMS, zilifika Mombasa. TEAMS inaenda hadi Fujairah, kwenye Falme za Kiarabu, takriban kilomita 5,000. Mwanga ndani ya kioo cha waya huo ni wa polepole kuliko angani, kama kilomita 200,000 kwa sekunde. Hata hivyo unafika Fujairah kwa sehemu 25 za elfu ya sekunde. Mwanga wenyewe ulipungua mwendo, lakini njia ilifupishwa sana.

Lakini waya wa Hopper hauelezi kila kitu. Unaeleza ujumbe mmoja unachukua muda gani kufika, wala si ujumbe mangapi yanaweza kupita kwa pamoja. Ukinunua bando kubwa, filamu itashuka haraka, ila ukicheza gemu na mtu aliyeunganishwa na seva ya ng'ambo bado utaona kidole chako kikitangulia na mchezaji akifuata nyuma. Mimi nikisikia kampuni ikitangaza intaneti isiyochelewa kabisa, huwa nauliza swali moja tu: seva iko wapi? Baada ya hapo ni kuhesabu waya.

Hopper alistaafu mwaka 1986 akiwa na miaka 79. Kompyuta alizozitumia zimekuwa vitu vya makumbusho. Ule urefu wa sentimita 30 haujabadilika hata kidogo.