Majukumu ya Timu: Kuchagua Watu wa Mradi

Majukumu ya timu ni namna ya kuwatambua wanakikundi kwa mchango ambao kila mmoja huelekea kuutoa anapofanya kazi na wenzake, mbali na cheo chake au taaluma yake. Daktari na karani wanaweza kuwa na jukumu moja, na madaktari wawili waliosoma darasa moja wakatofautiana kabisa. Mpango unaotumika sana ni wa Meredith Belbin, mtafiti Mwingereza aliyeueleza katika kitabu chake cha mwaka 1981.

Utafiti wake ulifanyika katika chuo cha mameneja cha Henley, Uingereza, kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1960. Waliokuja kozini walipangwa katika timu zilizoshindana kwenye mchezo wa kuendesha kampuni, na Belbin na wenzake waliwapima akili na tabia kabla ya mchezo kuanza. Timu moja waliijaza watu wenye akili kali kuliko wote, wakaiita Apolo. Ilitarajiwa itashinda. Kati ya timu 25 za namna hiyo, ni 3 tu zilizoibuka na ushindi. Baadhi ziliishia nafasi za chini. Kila mmoja aliona dosari katika hoja ya mwenzake, hakuna aliyekubali kuiacha yake, na kazi za kawaida zilizohitaji kufanywa hazikuwa na mwenyewe.

Hatimaye Belbin alifikisha majukumu 9. Wako wa fikra: mbunifu anayeleta wazo jipya, mpimaji anayelichuja, na mtaalamu anayejua jambo moja kwa kina. Wako wa watu: mratibu, mpatanishi, na mtafuta fursa anayetoka nje kuulizia wengine wanafanyaje. Wako wa vitendo: msukumaji, mtekelezaji, na mkamilishaji, yaani yule asiyelala mpaka kosa la mwisho lifutwe. Mtu mmoja kwa kawaida ana majukumu mawili au matatu yanayomjia kwa wepesi, kwa hiyo watu wanne au watano waliochaguliwa vizuri wanaweza kuyafunika yote.

Eneo la Eldoret lina mradi unaoonyesha vizuri kazi hizi zinavyotegemeana, ingawa haukupangwa kwa kipimo cha Belbin. Mwaka 2001, Chuo Kikuu cha Moi na wenzao wa Chuo Kikuu cha Indiana cha Marekani walianzisha kumbukumbu za wagonjwa za kompyuta katika kituo cha afya cha Mosoriot, kusini mwa mji, upande wa Nandi. Miongoni mwa waliouendesha mradi huo na kuandika kuuhusu alikuwa Joseph Rotich wa Chuo Kikuu cha Moi.

Wazo lenyewe lilikuwa dogo kwa makusudi. Kompyuta mbili ziliunganishwa, zikashiriki printa moja, na betri zikawekwa kwa ajili ya siku za kukatika umeme. Daktari hakutakiwa kugusa kompyuta. Mgonjwa alisajiliwa mlangoni, akapewa fomu ya karatasi, akazunguka nayo kwa wahudumu, na mwishoni karani akaingiza yaliyoandikwa.

Huyo karani wa mwisho ndiye anayestahili kutazamwa kwa karibu. Mbele yake kuna fomu yenye mwandiko wa haraka: ugonjwa umeandikwa kwa kifupisho, kipimo cha dawa hakisomeki, tarehe haipo. Akiingiza tu anachokiona, mfumo utajaa takwimu zisizofaa, na hakuna atakayegundua mpaka ripoti itakapoandikwa. Akiinuka kwenda kumuuliza tabibu, foleni inasimama kwa dakika chache lakini rekodi inakuwa sahihi. Hapo mradi unahitaji mtu mwenye moyo wa mkamilishaji, na mara nyingi nafasi hiyo hupewa yeyote aliye karibu, kwa kuwa inaonekana ya chini.

Upande wa mpimaji nao haukuachwa. Watafiti walipima muda kabla na baada ya mfumo kuanza. Muda wa ziara ya mgonjwa ulipungua kwa asilimia 22, na wahudumu walitumia muda mchache zaidi kuzungumza wao kwa wao. Muda wa mgonjwa mbele ya mhudumu nao ulipungua kwa asilimia 58. Mbunifu angeziona takwimu hizi zote kuwa ushindi; mpimaji mzuri angeuliza kama hiyo ya mwisho ni faida au hasara kwa mgonjwa. Timu inamhitaji mtu wa kuuliza hivyo mapema, na inamhitaji mratibu atakayehakikisha swali lake halizimwi kwa shangwe.

Basi mtu apangeje timu yake? Tuseme zahanati moja mjini Eldoret ina miezi minne ya kuhamisha mafaili kwenda kwenye kompyuta, na imeteua watu sita: matabibu wawili, muuguzi, fundi wa kompyuta, mhasibu na karani. Hatua ya kwanza ni kumwomba kila mmoja ataje majukumu mawili yanayomjia kwa wepesi, kisha kuwauliza wawili au watatu waliowahi kufanya naye kazi. Majibu yakigongana, ya wenzake yana uzito zaidi. Majina yaandikwe kwenye karatasi moja, majukumu juu, watu pembeni, alama zikiwekwa panapokutana.

Karatasi ya timu hii inaonyesha wabunifu watatu (matabibu wote na fundi), msukumaji mmoja ambaye ni tabibu mkuu, mpatanishi ambaye ni muuguzi, na mtekelezaji ambaye ni karani. Safu ya mratibu ni tupu. Safu ya mkamilishaji ina alama moja hafifu, ya mhasibu. Kosa la kawaida hapa ni kumfanya tabibu mkuu mwenyekiti kwa sababu ya cheo. Yeye ni msukumaji. Ataharakisha, lakini karani hatathubutu kumwambia kwamba fomu hazisomeki. Ni afadhali muuguzi aongoze vikao, tabibu mkuu asimamie ratiba, na mhasibu apewe mamlaka kamili ya kukataa kundi la mafaili lenye makosa. Kila Ijumaa achague mafaili 20 yaliyoingizwa wiki hiyo, ayalinganishe na karatasi zake, na matokeo yasomwe kikaoni Jumatatu. Fundi azuiwe kuongeza kipengele kipya baada ya mwezi wa pili.

Pengo lina dalili zake. Ajenda ileile ikirudi kikao cha tatu bila jina la mhusika, mratibu hayupo. Kazi ikiwa "karibu kwisha" kwa wiki tano, anakosekana mkamilishaji. Vikao vikiwa vya amani kupindukia na hakuna wazo lililokataliwa, tafuteni mpimaji.

Mpango huu una mipaka. Dodoso la awali la Belbin lina sehemu 7, na katika kila moja mtu hugawa alama 10 kati ya kauli kadhaa. Akiongeza huku, lazima apunguze kule. Kwa sababu hiyo alama zake haziwezi kulinganishwa moja kwa moja na za mwenzake. Mwaka 1993 Adrian Furnham na wenzake walionyesha udhaifu mkubwa wa dodoso hilo kama kipimo cha saikolojia. Karatasi ya majukumu basi isitumike kumwajiri mtu wala kumfukuza. Inafaa kwa kugawa kazi kati ya watu ambao tayari wapo, na irudiwe baada ya mwezi mmoja, kwa kuwa wengine hujulikana wakiwa kazini.

Mfumo wa Mosoriot ulikua, ukahamia kwenye mpango wa AMPATH wa kutibu virusi vya ukimwi, wagonjwa wakawa wengi mno kwa programu yake ya Microsoft Access. Mwaka 2004 madaktari Burke Mamlin na Paul Biondich walifika Eldoret, wakaona kuukarabati hakutoshi, wakachora msingi mpya. Mfumo uliotokana nao, OpenMRS, ulianza kazi Eldoret Februari 2006, na fomu ziliendelea kuingizwa na makarani.