Prizi yenye joto na harufu ya kuungua: dalili za waya uliolegea

Prizi, ile ambayo ndugu waliotoka Tanzania huiita soketi, haitakiwi kuwa na joto. Ukigusa kifuniko chake ukakikuta cha moto, au ukasikia harufu ya kuungua karibu nayo, usingoje disjonkta ikate umeme yenyewe. Kwa tatizo hili, mara nyingi haitakata.

Tuchukue mfano wa parseli kama zilivyo nyingi hapa Cibitoke, kaskazini mwa Bujumbura: vyumba vinne kwa mstari, wapangaji wanne, mita moja ya kashipawa. Mama wa chumba cha kwanza anachaji simu tu. Saa za jioni anasikia harufu kama ya samaki aliyeoza, na kifuniko cha prizi yake kina joto. Anachomoa chaja. Baada ya nusu saa joto bado lipo.

Joto linatoka wapi

Fundi aliyefunga umeme katika nyumba za namna hii mara nyingi havuti waya wa peke yake kwa kila chumba. Waya unaingia kwenye prizi ya kwanza, unabanwa kwa skrubu, kisha unatoka hapo hapo kwenda prizi ya pili, na kuendelea. Kwa hiyo umeme wa jirani wa chumba cha nne unapita ndani ya prizi ya mama huyu hata kama yeye hajachomeka kitu.

Jirani huyo anapikia jiko la umeme la wati 1500. Kwa volti 220, jiko hilo linavuta karibu ampea 7. Kama skrubu ya prizi ya kwanza imelegea, waya unagusa chuma kwa sehemu ndogo tu, na hapo umeme unapita kwa shida. Tuseme ukinzani wa mahali hapo ni omu 0.3. Joto linalotokea ni 7 × 7 × 0.3, yaani karibu wati 15. Ni kama chuma kidogo cha kulehemu redio kilichofichwa ndani ya ukuta, mahali padogo pasipo na hewa, kikiwaka muda wote maharage yanapochemka.

Chaja ya simu haifikii hata ampea 0.1, kwa hiyo yenyewe haileti joto lolote la kuhisiwa. Ndiyo maana watu husema "prizi ni nzima, mbona simu inajaa?" Naye jirani haoni kitu: jiko lake linapoteza volti 2 tu kati ya 220.

Disjonkta nayo haioni kitu. Kazi yake ni kukata umeme unapozidi kipimo, kwa mfano ampea 16, au nyaya zinapogusana. Ampea 7 kwake ni matumizi ya kawaida. Haijui kama ampea hizo zinapita kwenye skrubu iliyokazwa au iliyolegea.

Tatizo hili pia haliishi mahali pamoja. Skrubu ikipata joto shaba inatanuka, ikipoa inajikunja, na kila jioni inalegea kidogo zaidi. Shaba inakuwa nyeusi, ukinzani unapanda, joto linazidi.

Namna ya kusoma dalili

Harufu ndiyo inayowadanganya wengi. Plastiki ngumu ya prizi nyingi ikipata joto kali hutoa harufu ya samaki, si ya moshi. Katika nyumba ambako ndagala hupikwa karibu kila wiki, nani atashuku ukuta? Pima hivi: kama harufu inakuja jirani anapopika au mtu anapopiga pasi, na inapungua wakifunga, chunguza prizi zote zilizo kwenye mstari huo, si ile inayotumika tu.

Joto nalo lina lugha yake. Kifuniko chenye joto bila kitu kuchomekwa kinaonyesha skrubu za nyuma, kama kwa mama wetu. Kama joto linakuja tu kitu kinapochomekwa, na pini moja ya plagi ni ya moto kuliko nyingine au imebadilika rangi, basi vyuma vinavyobana pini ndani vimechoka. Hilo hutokea sana pale plagi yenye pini tatu bapa za Tanzania au Uganda inapolazimishwa kwenye prizi ya matundu ya duara, au adapta nzito inaponing'inia siku nzima. Kwa kulinganisha, gusa kwa nyuma ya kidole prizi nyingine isiyotumika. Mchana wa Bujumbura ukuta wenyewe huwa vuguvugu. Usiguse kifuniko kilichopasuka, kilichoyeyuka au chenye maji.

Mlio kama wa mafuta yanayokaangwa, taa inayopepesuka jiko linapowashwa, na doa la kahawia kuzunguka tundu ni dalili za hatua ya mbele zaidi. Ukiona mojawapo, zima leo, si kesho.

La kufanya

Zima kwanza kwenye disjonkta, kisha ndipo uchomoe plagi. Kuchomoa wakati jiko linavuta umeme kunaweza kutoa cheche mkononi. Kama kuna moto, usimwage maji kabla umeme haujazimwa. Tumia mchanga mkavu, na watoto watoke nje.

Waambie wapangaji wote. Ni jambo gumu, hasa ukiwa mgeni katika parseli na ukihofia kwamba mwenye nyumba atakuona msumbufu. Lakini wao wanaweza kuwasha tena bila kujua, na kutotumia prizi yako hakutoshi: umeme wao bado unapita humo. Mpaka fundi afike, majiko na pasi za mstari huo zisitumike. Mweleze mwenye nyumba maneno haya: "Waya umelegea ndani ya prizi, na umeme wa vyumba vya nyuma unapita hapo."

Usifungue prizi umeme ukiwa umekatika mtaani ukadhani uko salama. Unaweza kurudi wakati wowote. Disjonkta lazima iwe imezimwa na mtu akae karibu nayo. Fundi apime kwa taa ya majaribio: kwanza mahali penye umeme ili ajue taa inafanya kazi, kisha kwenye prizi hiyo. Asiamini rangi za nyaya peke yake. Mihuri ya mita ya REGIDESO isiguswe na mtu yeyote.

Kukaza skrubu ya zamani tu hakuponyi prizi iliyoungua, kwa sababu chuma chake kimeshapoteza nguvu ya kubana. Iwekwe mpya. Waya ukatwe hadi kwenye shaba inayong'aa na ngozi isiyokauka, kisha kila waya uvutwe kwa mkono baada ya kukazwa. Ukichomoka, bora uchomoke sasa. Waya wa prizi uwe wa milimita za mraba 2.5, ule wa 1.5 uachiwe taa. Mwombe fundi aunganishe waya unaoingia na unaotoka kwenye domino imara, kisha atoe kipande kimoja kwenda prizi. Hapo umeme wa jirani hautegemei tena skrubu za prizi yako.

Mwisho, jirani awashe jiko kwa nusu saa, fundi akiwa bado yupo, mguse kifuniko tena. Kikiwa na joto, kosa bado lipo hapo hapo, kwenye prizi au kwenye kiungo kilichofichwa ukutani nyuma yake, na fundi hajamaliza kazi.