Umeficha jina, lakini kijiji kizima kimemjua

Chukua mfano wa fundi wa nguo sokoni. Amemshonea mtoto sare, amempiga picha, kisha ameandika kwenye Facebook: "Huyu mtoto wa mama muuza samaki karibu na stendi alikaa nyumbani wiki mbili kwa kukosa sare. Leo nimemshonea kwa mkopo. Karibuni wateja."

Jina halipo. Lakini wauza samaki karibu na stendi ni wangapi? Nembo ya shule inaonekana kifuani, kwa hiyo hata mgeni anajua mtoto huyo anapatikana wapi kila asubuhi. Deni la mama nalo limetangazwa. Kesho yake mtoto anachekwa darasani.

Kabla ya kuchapisha, soma maneno yako kama jirani. Je, kazi ya mtu, mahali anapokaa na shida yake, vikiwekwa pamoja, vinaelekeza kwa mtu mmoja tu? Basi umemtaja.

Ukitaka kuendelea, omba ruhusa. Mwonyeshe mama picha yenyewe na maneno yenyewe, na umwambie yanakwenda wapi: kwa watu wako wa WhatsApp au kwa Facebook ambako yeyote anaweza kuona. Kukubali kupigwa picha si kukubali kusambazwa. Muulize na mtoto pia. Akikataa, acha, hata kama mzazi amekubali.

Hapa kuna mtego. Mama huyu ana deni lako. Anaweza kukubali kwa kuogopa kwamba utamdai leo. Mwambie wazi kwamba akikataa, mkopo unabaki vilevile, kisha mpe siku moja ya kufikiri.

Nchini Kenya, Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 inataka ruhusa ya mzazi au mlezi kabla ya kutumia taarifa za mtoto, na matumizi yenyewe yasimdhuru. Mwaka 2023, shule moja jijini Nairobi ilitozwa faini ya shilingi 4,550,000 kwa kuchapisha picha za wanafunzi bila idhini ya wazazi.

Mama akibadili mawazo baadaye, futa mara moja. Lakini mweleze tangu mwanzo kwamba aliyekwisha kuihifadhi picha kwenye simu yake huwezi kumnyang'anya. Hata stetasi ya WhatsApp, inayotoweka baada ya saa 24, inaweza kunakiliwa ndani ya dakika moja.

Fundi wetu angeweza kutundika sare kwenye henga, akafunika nembo kwa kitambaa, na kuandika: "Nashona sare za shule. Unaweza kulipa kidogo kidogo." Wateja wangepata habari waliyoihitaji, na mtoto angeingia darasani bila kuchekwa.