Utata Usiofutika: Lugha Iliyozishinda Sarufi Zake Zote

Soma maneno haya: "picha ya nyumba ya mwalimu." Je, mwalimu ni mwenye nyumba, au ni mwenye picha? Maneno yenyewe hayasemi. Sasa badilisha picha iwe mchoro, uone ngeli zinavyotuokoa: "mchoro wa nyumba ya mwalimu" ni nyumba yake, na "mchoro wa nyumba wa mwalimu" ni mchoro wake. Utata umekwisha.

Lakini hapo tumedanganya kidogo, maana tumebadilisha maneno. Swali la leo ni gumu zaidi. Tuseme maneno yote yabaki yalivyo, hata moja lisiongezwe wala kuondolewa, na turuhusiwe kubadilisha kanuni za sarufi peke yake. Je, kila utata unaweza kuondolewa kwa njia hiyo?

Swali hili lilizaliwa pale Noam Chomsky alipoanza, mwaka 1956, kueleza lugha kwa kanuni za kihesabu. Aina moja ya kanuni zake ndiyo tunayoiita sarufi isiyotegemea muktadha: kila alama inabadilishwa kuwa alama nyingine bila kujali majirani zake. Ukifuata kanuni hizo unapata mti, na neno likiwa na miti miwili tofauti, sarufi hiyo ina utata.

Mara nyingi kosa ni la mwandishi wa sarufi. Tazama hii ya kutoa namba:

```
E -> E - E | n
```

Neno `n-n-n` lina miti miwili. Kwa 9-3-2, mmoja unakupa 4 na mwingine 8. Hiyo si aibu ndogo kwa kompyuta! Andika badala yake `E -> E - n | n`. Maneno ni yaleyale, ila kila moja lina mti mmoja. Ukizoea matengenezo ya namna hii, ni rahisi kuamini kwamba utata wowote ni uzembe tu wa mtu fulani.

Rohit Parikh, mwanahisabati kutoka India, alionyesha kwamba imani hiyo si kweli. Katika ripoti ya maabara moja ya MIT ya mwaka 1961, iliyochapishwa tena katika jarida mwaka 1966, alitoa lugha ambayo kila sarufi yake isiyotegemea muktadha ina utata. Leo watu humkumbuka zaidi kwa nadharia nyingine iliyomo katika kazi hiyohiyo, jambo ambalo mimi naona ni kumpunja. Tutumie mfano ambao walimu hupenda kufundishia, ulio ndugu wa ule wake: maneno yenye a kadhaa, kisha b kadhaa, kisha c kadhaa, ambapo idadi ya a ni sawa na ya b, au idadi ya b ni sawa na ya c.

```
S -> X C | A Y
X -> a X b | ab
Y -> b Y c | bc
A -> a A | a
C -> c C | c
```

Neno `aabbcc` linapita milango yote miwili. Utasema: si tuupunguze mlango wa pili, upokee tu maneno ambayo a na b hazilingani? Wazo zuri, ila kipande hicho, yaani b sawa na c lakini si sawa na a, hakiwezi kuandikwa kwa sarufi ya aina hii. Inabidi kulinganisha mara mbili, na sarufi hii inahesabu kama mtu anayepanga sahani: ukishaziondoa sahani za a ili kuzilinganisha na b, hakuna tena rundo la kulinganishia c.

Sawa, ukarabati mmoja umeshindikana. Tutajuaje kwamba yote itashindikana? Hapa anaingia William Ogden, mwaka 1968. Alionyesha kwamba kila sarufi isiyotegemea muktadha ina namba yake, tuiite N. Chukua neno lolote la lugha hiyo, weka alama kwenye herufi zake N au zaidi. Basi ndani ya mti wake kuna kitanzi: alama ya sarufi inayojirudia chini yake yenyewe, ikizaa kipande kushoto na kipande kulia, na angalau herufi moja kati ya hizo ina alama yako. Kitanzi hicho unaweza kukirudia utakavyo bila kutoka nje ya lugha. Uzuri wake ni hizo alama. Kanuni ya kurudia iliyokuwapo kabla yake haikukuachia uchague mahali. Ingeweza kurudia c tupu, ukabaki hujui kitu.

Tuseme fundi wetu ameleta sarufi yoyote ile ya lugha yetu, na N yake ni 4. (Ya kweli ingekuwa kubwa zaidi, lakini hoja ni ileile.) Chukua a 4, b 4 na c 28, uweke alama kwenye a zote. Kitanzi lazima kiongeze a. Kikiongeza a peke yake, au a pamoja na c, idadi ya a inapita ya b, na b 4 haziwezi kufikia c 28. Neno limetoka nje. Kipande kimoja kikichanganya herufi mbili, kukirudia kunavuruga mpangilio. Kwa hiyo kinaongeza a na b, tena kwa idadi sawa: 1, 2, 3 au 4. Namba hizo zote zinagawanya 24, na ndiyo sababu nilichagua 28. Rudia kitanzi mpaka ziongezeke a 24 na b 24. Umepata a 28, b 28, c 28. Mti wake una tawi linalobeba a na b tu, bila c hata moja, na b zake ni 24 au zaidi.

Sasa anza upande wa pili: a 28, b 4, c 4, alama kwenye c. Kwa hoja ileile unafika kwenye neno lilelile la 28, 28, 28, ila mti huu una tawi la b na c, bila a, nalo pia lina b 24 au zaidi.

Je, miti hii miwili inaweza kuwa mmoja? Matawi mawili ya mti mmoja ama moja limo ndani ya jingine, ama yametengana kabisa. Kuwa ndani haiwezekani: moja lina a na halina c, jingine lina c na halina a. Yakitengana, hayawezi kushiriki b, kwa hiyo yanahitaji angalau b 48. Neno zima lina b 28.

Basi miti ni miwili. Na angalia tena: hatukuitazama sarufi ya fundi hata kanuni moja. Akiiandika upya kesho, N itabadilika, tutachagua namba nyingine, na neno lenye miti miwili litakuwa linamsubiri.

Waandishi wa lugha za programu hukwepa balaa hili kwa kubaki kwenye aina za sarufi ambazo, kwa muundo wake, haziwezi kuwa na utata. Aliye nje ya uwanja huo hana kipimo cha jumla: mwaka 1966 Seymour Ginsburg na Joseph Ullian walithibitisha kwamba hakuna programu inayoweza kupewa sarufi yoyote isiyotegemea muktadha na kujibu kila mara kama utata wake ni wa fundi au ni wa lugha yenyewe.