Kutoka Ufunguo na Kufuli hadi Mkono na Glovu: Historia Fupi ya Dhana ya Utendaji wa Vimeng'enya, 1894–1978

1.0 Utangulizi

Mwaka 1894, mwanakemia Mjerumani Emil Fischer aligundua kwamba kimeng'enya cha hamira kilivunja umbo moja la glukosidi na kuliacha jingine, ingawa maumbo hayo yalitofautiana kwa mkao wa kifungo kimoja tu. Alieleza jambo hilo kwa mfano wa ufunguo na kufuli. Mfano huo ungali unafundishwa madarasani. Makala haya yanaonesha kwamba ulijibu swali la uteuzi, lakini uliacha wazi swali la kasi, na kwamba historia iliyofuata ni ya kutenganisha maswali hayo mawili.

2.0 Kasoro ya Kufuli Kamilifu

Ili mmenyuko utokee, molekuli lazima zivuke kizingiti cha nishati. Kileleni mwa kizingiti hicho pana hali ya mpito, ambamo vifungo vya zamani vimelegea na vipya havijakamilika. Tuchukulie sasa kwamba kimeng'enya kinaoana kikamilifu na dutu kinayoibadilisha, yaani kitendwa. Kitendwa kitashikwa kwa nguvu na nishati yake itashuka. Hata hivyo, kilele kitabaki palepale. Kwa hiyo, safari ya kutoka bondeni hadi kileleni itakuwa ndefu zaidi, na kufuli kamilifu litakuwa limeuchelewesha mmenyuko.

J. B. S. Haldane aliligusa jambo hili mwaka 1930 alipopendekeza kwamba ufunguo hauingii sawasawa, bali hukazwa. Linus Pauling alilikamilisha katika miaka ya 1946 na 1948: umbo linalooana na kimeng'enya ni lile la hali ya mpito, si la kitendwa. Mvutano kati ya kimeng'enya na molekuli huwa mkubwa zaidi pale kileleni, na tofauti hiyo ndiyo inayokishusha kizingiti. Katika nyuzijoto 25 za Selsiasi, kila kilojuli 5.7 kwa moli zinazopunguzwa huongeza kasi mara kumi. Kilojuli 34 hivi zinatosha kuiongeza mara milioni moja.

3.0 Fumbo la Heksokinesi

Heksokinesi huhamisha fosfeti kutoka ATP hadi kwenye kikundi cha haidroksili cha kaboni ya sita ya glukosi. Maji nayo yana haidroksili, ni madogo, na kiasi chake ni takribani moli 55 kwa lita. Kwa mantiki ya kufuli, maji yangepaswa kuingia kwa urahisi na kuipoteza fosfeti hiyo. Lakini kimeng'enya hiki huihamishia glukosi fosfeti kwa kasi inayozidi ile ya maji kwa makumi ya maelfu ya mara.

Mwaka 1958, Daniel Koshland alitoa jibu: kimeng'enya si kigumu. Kitendwa sahihi hukilazimisha kubadili umbo hadi viungo vyake tendaji vikae mahali pake, kama mkono unavyolipa glovu umbo. Maji hayana sehemu za kutosha za kushikia ili kuyalipia mabadiliko hayo.

Dai hilo lilipimika. Ksailosi ni sukari inayofanana na glukosi, ila haina kaboni ile ya sita. Ilipowekwa pamoja na heksokinesi, kasi ya ATP kuvunjwa na maji iliongezeka: sukari ilikifunga kimeng'enya, na maji yakatumia nafasi iliyobaki wazi. Mwaka 1978, William Bennett na Thomas Steitz walionesha kwa miale ya eksi kwamba glukosi inapoingia, tawi moja la kimeng'enya huzunguka kwa nyuzi 12 hivi na kuufunga ufa uliopo kati ya matawi mawili.

4.0 Gharama ya Kukutana

Kufunga huko pia huziweka ATP na glukosi karibu na katika mkao unaofaa. Thamani ya ukaribu ilipimwa na Thomas Bruice na Upendra Pandit mwaka 1960 bila kimeng'enya chochote. Walitumia esta ambazo kikundi kinachoshambulia kilikuwa ndani ya molekuli ileile. Kadiri mnyororo ulivyozuiwa kujizungusha, kasi ilipanda: mara 230 kwa mnyororo uliofupishwa kwa kaboni moja, na takribani mara 53,000 kwa umbo gumu la pete. Kimeng'enya hulipia uhuru huo unaopotea kwa nishati ya kushikana.

5.0 Hitimisho

Mara nyingi husemwa kwamba kubadilika kwa umbo ndiko kunakoharakisha mmenyuko. Heksokinesi inaonesha vinginevyo. Kubadilika huko hugharimu nishati. Faida yake ni kumnyima nafasi kitendwa asiyefaa. Kizingiti hushushwa na kile kimeng'enya kilichokwisha kujifunga kinachokifanya: kuviweka pamoja vitendwa viwili na kuishika hali ya mpito kwa nguvu kuliko kinavyovishika vitendwa vyenyewe. Fischer alieleza nani huingia; Pauling alieleza kwa nini mlango hufunguka upesi; Koshland alieleza kwa nini haufunguki kwa kila apitaye.