Kalamu moja, mahakimu 315

Februari 2025, wakimbizi wa ndani waliojaa Bulengo, upande wa Lac Vert magharibi ya Goma, waliambiwa na M23, wakuu wapya wa mji, kwamba wana saa 72 kuondoka. Siku iliyofuata msemo ukageuka: hakuna anayefukuzwa, anayetaka kurudi kijijini arudi kwa hiari yake. Kufikia hapo watu walikuwa wameanza kukunja maturubali. Kundi la M23 si chombo cha dola kwa sheria yoyote ya Kongo, na mwandishi huyu hatalipima kana kwamba ni wizara. Lakini maswali yaliyoulizwa kambini siku zile, kwamba nani kaamua, kwa sababu gani, na karatasi iko wapi, yamewahi kuulizwa Kinshasa pia, tena na watu waliozisoma sheria hadi shahada.

Tarehe 6 Novemba 1998 Rais Laurent-Désiré Kabila alitia saini amri namba 144. Vita vilivyoanza Agosti vilikuwa vimeshaikata nchi vipande, na Goma ilikuwa chini ya waasi wa RCD. Kwa amri hiyo moja, mahakimu na waendesha mashtaka 315 walifukuzwa kazi.

Amri ile haikukosa sababu, na hapo ndipo kesi hii inapowafaa wanaoisoma sheria ya utawala. Ilitaja ripoti za tume zilizozunguka nchini, na kwa mujibu wa ripoti hizo, ilisema, wahusika ni watu wasio na maadili, wala rushwa, watoro wa kazi, au waliothibitika kuwa hawajui kazi yao. Basi. Orodha ya majina ni ndefu, orodha ya makosa ni fupi, na hakuna mstari unaounganisha jina na kosa. Hakimu aliyejikuta kwenye orodha hakuweza kujua kama yeye ni mla rushwa au mtoro. Hakuwa ameonyeshwa ripoti, hakuwa ameitwa kujieleza, na utaratibu wa nidhamu uliowekwa na sheria ya hadhi ya mahakimu ya 1988 haukufuatwa.

Wanasheria hutenganisha mambo mawili hapa. Kuna sababu yenyewe, yaani tukio lililomfanya mwenye mamlaka aamue. Na kuna kuiandika sababu hiyo ndani ya uamuzi, kwa namna ambayo mtu aliyeguswa ataelewa na kuweza kuipinga. Uamuzi unaweza kuwa na sababu nzuri isiyoandikwa. Unaweza pia kuwa na maandishi mengi yasiyobeba sababu yoyote. Amri 144 ni ya aina hii ya pili. Maneno yake yangeweza kubandikwa kwa hakimu yeyote wa Kinshasa, Bukavu au Lubumbashi bila kubadilisha herufi, na hiyo ndiyo njia rahisi ya kuitambua sababu hewa: mwondoe mhusika, mweke mwingine, uone kama sentensi bado inasimama.

Baadhi ya waliofukuzwa, 68, hawakukubali. Sheria ya mwenendo wa kesi ya 1982 iliwataka kwanza wamwandikie aliyetoa uamuzi aubatilishe, na akinyamaza, ndipo waende Mahakama Kuu ya Sheria. Wakamwandikia Rais. Hakujibu. Mwaka 1999 wakafungua mashauri yao. Mwanasheria Mkuu wa Jamhuri, aliyepaswa kutoa maoni yake ndani ya mwezi mmoja, aliyakalia mafaili hadi Septemba 2000. Wawili kati ya waliofukuzwa walikuwa wameshakamatwa na kuzuiliwa siku kadhaa Desemba 1998. Na Rais wa Mahakama Kuu ya Sheria, ambaye ndiye angeongoza chombo cha kuwasikiliza, alikuwa amejitokeza hadharani kuunga mkono kufukuzwa kwao kabla shauri halijasikilizwa.

Uamuzi ukatoka tarehe 26 Septemba 2001. Mahakama ilisema amri 144 ni tendo la serikali, sehemu ya sera ya kusafisha maadili ya mahakama, na kwa hiyo haiwezi kuhojiwa mbele yake. Kuna kejeli ndani yake: mahakimu walipokwenda kwa hakimu kuuliza sababu, waliambiwa swali lenyewe halipokelewi. Tendo la serikali kwa kawaida ni jambo kama mahusiano na nchi za nje au kutangaza vita. Kumfukuza mtumishi mmoja baada ya mwingine, kwa jina, ni utawala wa kila siku. Ukikuita tendo la serikali, hata sababu mbovu kuliko zote haina pa kukaguliwa.

Kufikia hapo walikuwa wameshakwenda Geneva pia. Katika shauri linalojulikana kwa jina la Busyo na wenzake, Kamati ya Haki za Binadamu ya Umoja wa Mataifa iliamua tarehe 31 Julai 2003 kwamba Kongo imevunja Mkataba wa Haki za Kiraia na Kisiasa. Mahakimu hawakupata ulinzi uliowekwa na sheria kabla ya kuondolewa. Uhuru wa mahakama uliguswa. Waliokamatwa walikamatwa isivyo halali. Kamati ilitaka warudishwe kazini na walipwe fidia. Serikali haikuwa imejibu hoja za shauri lenyewe.

Tanzania ilikuwa imelipitia jambo kama hilo mapema, na kwa jaji mwenye msimamo mwingine. James Gwagilo, mtumishi wa umma, alistaafishwa na Rais "kwa maslahi ya umma", bila neno zaidi. Jaji Mwalusanya wa Mahakama Kuu, Dodoma, katika hukumu iliyoingia kwenye ripoti za sheria za 1994, alikataa: maneno hayo manne si sababu, na kustaafishwa bila sababu kulikuwa batili. Hoja yake ni nyepesi kuishika. Aliyenyimwa sababu hawezi kujua kama ana rufaa ya kukata.

Kenya ilikwenda mbali zaidi kwa maandishi. Kifungu cha 47 cha katiba ya 2010 kinampa aliyeathirika haki ya kupewa sababu kwa maandishi, na sheria ya 2015 inayokitekeleza inaipa mamlaka miezi mitatu kujibu anayeziomba. Ikikaa kimya, mahakama itachukulia kwamba uamuzi ulifanywa bila sababu ya maana, mpaka mamlaka ithibitishe vinginevyo. Mzigo unahamia kwa mwenye kalamu.

Na Kongo? Ubelgiji, tuliyorithi kwake namna ya kuandika amri, ilipitisha sheria ya kulazimisha sababu katika maamuzi ya utawala tarehe 29 Julai 1991. Sisi tulikuwa tumepata uhuru miaka 31 kabla, na haikutufikia. Katiba ya 2006, kifungu cha 21, inataka kila hukumu ya mahakama iandikwe pamoja na sababu zake; kuhusu barua ya gavana au meya haina sentensi kama hiyo. Sheria ya 2016 ilizaa mahakama za utawala, na Baraza la Serikali Kinshasa likaanza kazi 2018. Aliyepokea uamuzi bado huanza pale walipoanzia wale 68, kwa barua kwa aliyeuandika. Ningemshauri aandike ndani yake, waziwazi, kwamba anataka sababu, na atunze nakala yenye muhuri wa kupokelewa, maana mbele ya jaji ukimya wa ofisi hauna shahidi mwingine.