Mnunuzi akitaja bei ya chini Ushirombo: Namna ya kumjibu kwa barua bila kumpoteza

Kiwanja kinatangazwa Sh18 milioni. Mnunuzi anakuja, anakizunguka, anapiga picha, halafu jioni anatuma ujumbe: "Nina milioni 11, tena taslimu." Muuzaji anakasirika na kunyamaza. Wiki mbili baadaye anasikia mtu yule yule amenunua Runzewe, tena kwa bei ambayo angeikubali.

Ushirombo, makao makuu ya Wilaya ya Bukombe mkoani Geita, hali hii ni ya kawaida. Mji uko kwenye barabara kuu inayotoka Kahama kuelekea mipaka ya Rwanda na Burundi, kwa hiyo mnunuzi asiyejibiwa hakai kusubiri. Anapanda gari, anaangalia viwanja Masumbwe, Runzewe au Katoro.

Anayetaja bei ya chini mara nyingi anapima tu maji. Barua fupi ya kumjibu ndiyo inayomrudisha mezani, ila ina sheria zake.

Kwanza, jua barua yako inaua nini

Ukimwambia mnunuzi "milioni 11 hapana, lete 17", dau lake la milioni 11 limekufa. Huwezi kurudi kesho na kusema, "Basi nimekubali zile 11." Yeye ndiye mwenye uhuru wa kukubali au kukataa upya.

Msingi wake unaonekana kwenye kesi maarufu ya Uingereza ya Hyde dhidi ya Wrench, ya mwaka 1840. Mwenye shamba alitaka pauni 1,000. Mnunuzi akajibu pauni 950, akakataliwa. Hapo akageuka na kusema amekubali zile 1,000. Mahakama ikasema hakuna mkataba, kwa sababu alipotaja 950 aliua pendekezo la kwanza.

Sheria ya Mikataba ya Tanzania, Sura ya 345, inakwenda njia hiyo. Kifungu cha 7 kinataka ukubali uwe kamili, usio na masharti. Ukiongeza "lakini", hujakubali. Umeleta pendekezo jipya.

Kwa hiyo kama milioni 11 ni bei ambayo ungeweza kuishi nayo, usianze na barua ya kukataa. Anza na swali: "Je, kuna nafasi ya kuongeza kidogo, au unaweza kulipa lini?" Swali la namna hiyo haliui dau lake. Barua yenye bei mpya inaliua.

Bei ya kuandika inapatikanaje

Chukua mfano ule ule. Muuzaji alitangaza Sh18 milioni, mnunuzi kataja 11, na muuzaji moyoni anajua hashuki chini ya 14.

Wengi hapo huandika 16, wakiamini wameonyesha ubinadamu. Tatizo ni kwamba watu wetu wakikwama hupenda kukata katikati. Katikati ya 11 na 16 ni 13 na nusu, chini ya kikomo chako.

Hesabu sahihi ni rahisi. Zidisha kikomo chako mara mbili, kisha toa dau lake. Mara mbili ya 14 ni 28. Ukitoa 11 unabaki na 17. Ukiandika 17 na mkikata katikati, mnaangukia 14 kamili. Kushuka kutoka 18 hadi 17 ni kidogo, lakini mnunuzi anaona umesogea, na hujauza usalama wako.

Jibu likizidi bei uliyotangaza mwanzo, maana yake dau lake liko mbali mno au kikomo chako kiko juu. Hapo usipandishe bei, maana utamfukuza. Baki kwenye bei ya tangazo na ulegeze masharti mengine.

Mpe kitu ambacho si bei

Hapa ndipo barua nyingi zinapokosea. Zinakataa, zinataja bei, basi. Mnunuzi anabaki na sababu moja tu ya kujibu, nayo ni kuongeza hela.

Fikiria fedha yake inatoka wapi. Mtu anayetegemea karasha au duara la dhahabu hana mshahara wa mwisho wa mwezi. Leo mzigo umetoka, ana hela nyingi. Wiki mbili zijazo hana kitu. Mkulima naye anasubiri mavuno. Kwa watu hawa, kulipa kwa awamu mbili kunaweza kuwa na thamani kuliko kupunguziwa milioni moja.

Muuzaji wa mfano wetu anaweza kutoa mambo mawili: malipo ya milioni 10 siku ya kusaini na milioni 7 ndani ya siku 60, na yeye mwenyewe kumaliza deni lote la pango la ardhi kabla ya kukabidhi. Ila awamu zina hatari. Andika wazi kwamba hati na makabidhiano ya kiwanja ni baada ya awamu ya mwisho.

Toa sababu anayoweza kuikagua

"Kiwanja kipo sehemu nzuri" haimshawishi mtu. Kila muuzaji anasema hivyo. Taja vitu anavyoweza kwenda kuviona: bikoni nne zipo, msingi wa vyumba vitatu umeshajengwa, namba ya kiwanja na kitalu inaweza kuulizwa ofisi ya ardhi ya halmashauri. Sababu mbili zinatosha. Zikizidi, inaonekana unajitetea.

Barua yenyewe

Tumia neno "dau" au "bei". Neno "ofa" likwepe, kwa sababu kwenye mambo ya viwanja watu wengi wakisikia "ofa" wanafikiria barua ya kumilikishwa kiwanja.

*Ushirombo,*
*Tarehe ..................*

*Ndugu ..................,*

*YAH: BEI YA KIWANJA NA. ...... KITALU ......, USHIROMBO*

*Salaam. Nashukuru kwa kufika kukiona kiwanja na kwa dau lako la Sh11,000,000. Nimelipokea kwa heshima na nimekaa na familia kulijadili.*

*Kwa bei hiyo sitaweza kuuza. Kiwanja kimepimwa, bikoni zote nne zipo, na msingi wa vyumba vitatu umekamilika. Unakaribishwa kuja na fundi wako aukague, na kuuliza taarifa za kiwanja ofisi ya ardhi.*

*Kwa kuwa umeonyesha nia ya kweli, nimeshuka kutoka Sh18,000,000 hadi Sh17,000,000. Unaweza kulipa Sh10,000,000 siku ya kusaini mkataba na Sh7,000,000 ndani ya siku 60. Deni la pango la ardhi nitalimaliza mimi. Hati na kiwanja nitakukabidhi malipo yakikamilika.*

*Bei hii ni hadi Ijumaa tarehe ......, saa 10 jioni. Mauziano yatakuwa yamefanyika pale tu sote tutakaposaini mkataba wa maandishi.*

*Kama kuna jambo ungependa tulizungumze, nipo tayari tuonane siku yoyote kabla ya hapo.*

*Wako,*
*..................*
*Simu: ..................*

Angalia mpangilio wake. Shukrani inatangulia, kukataa kunakuja kwa sentensi moja fupi, na neno "dogo" au "la kutania" halimo kabisa. Maneno "nimekaa na familia" nayo yana kazi: yanapunguza ukali bila kumlaumu mtu. Ila kama una mwenza, kaa naye kweli, maana nyumba ya ndoa haiuzwi bila ridhaa yake.

Kwa nini tarehe na mkataba vimetajwa

Sheria ya Mikataba inasema pendekezo linakufa muda wake uliotajwa ukipita. Bila tarehe, mnunuzi anaweza kurudi baada ya miezi miwili na kudai bado uko kwenye 17, wakati bei za mtaani zimebadilika. Siku tano hadi saba zinatosha mtu kutafuta hela bila kuona anasukumwa.

Sentensi ya mkataba inakukinga upande wa pili. Chini ya kifungu cha 64 cha Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999, mkataba wa kuhamisha haki ya kumiliki ardhi hautekelezeki mahakamani mpaka uwe wa maandishi, au uwe na kumbukumbu ya maandishi, na umesainiwa na anayedaiwa. Barua yako ina saini, ina bei na ina namba ya kiwanja. Usiiache itafsiriwe kuwa ndiyo mkataba. Kama eneo liko kwenye ardhi ya kijiji, idhini ya Halmashauri ya Kijiji nayo inahitajika.

Ukituma kwa WhatsApp, piga picha ya barua iliyosainiwa na uitume kamili. Tangu Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2015, meseji za simu zinaweza kuwa ushahidi, kwa hiyo jihadhari na "sawa mkuu, tumemalizana" ya haraka haraka.

Barua ipitie kwa nani

Kama kuna dalali kati yenu, hakikisha mnunuzi mwenyewe anaipata, na dalali apewe nakala. Kuna madalali wanaoweka cha juu: mnunuzi ametaja 13, wewe unaambiwa 11. Barua ikifika mkononi mwa mnunuzi ikitaja "dau lako la Sh11,000,000", uongo kama huo unajulikana siku hiyo hiyo.

Akijibu, fanya nini

Akiuliza kuhusu hati, mipaka au awamu za malipo, bado anataka. Mjibu maswali na usiguse bei.

Akisema "nitafikia 13", hilo ni dau jipya, na 17 yako imekufa. Rudia hesabu: mara mbili ya 14 ni 28, toa 13, inabaki 15. Unaweza kuandika 15 na nusu, ukabaki na nafasi ndogo ya kushuka. Safari hii shuka huku ukipunguza unafuu, kwa mfano siku 60 ziwe 30, ili aone kila punguzo lina gharama yake.

Akitokea mnunuzi wa pili mwenye bei nzuri kabla ya Ijumaa, usimkubalie papo hapo. Mwandikie kwanza wa kwanza kwamba umeondoa bei yako, na uhakikishe ameipata kabla hajakukubalia. Ukiruka hatua hiyo, unaweza kujikuta watu wawili wote wanadai umewauzia. Hali inabadilika ikiwa wa kwanza ameshalipa kishika uchumba. Hapo mambo yanafuata mlichoandikiana, na ndiyo maana hela hiyo haipokelewi bila karatasi.

Akinyamaza mpaka siku yenyewe, mpigie simu mara moja asubuhi ile: "Ndugu yangu, leo ndiyo mwisho, nakukumbusha tu." Saa 10 ikipita kimya, bei ya 17 imekwisha, na kiwanja kinarudi sokoni kwa milioni 18.